Kete Zisimwagike: Gemu ya Simu Inapokatizwa

Ubao wa bao una sifa moja ambayo simu haina. Adhana ikisikika katikati ya mchezo, wachezaji huinuka wakaenda kuswali, na wakirudi hukuta kete ziko palepale, kila shimo na idadi yake. Mti umezishika. Mchezo huohuo ukihamia kwenye simu, kete hugeuka kuwa namba zinazokaa kwenye memori ya kazi, na memori hiyo hushika kitu kwa muda ule tu umeme unapopita ndani yake. Simu ikizimika, au mfumo wa simu ukiifunga gemu ili upate nafasi ya kuendesha kitu kingine, kete zote 64 hupotea kwa mara moja, na mchezaji aliyetumia dakika 40 kumbana mpinzani wake anarudishwa kwenye ukurasa wa kuanzia.

Mambo yanayoikatiza gemu ya simu ni mengi, lakini yanaweza kupangwa kwa kuangalia kitu kimoja: onyo. Simu inayoita hutoa onyo. Betri inayokwisha hutoa onyo ambalo mara nyingi si la kweli. Simu inayozimika ghafla haitoi onyo lolote. Watengenezaji wengi wa gemu hujiandaa kwa lile la kwanza, wakaridhika, na hapo ndipo wachezaji wao wanapoumia. Mimi nasimama upande wa wale wanaosema gemu ijengwe kana kwamba simu itazimika ghafla kila siku. Ikishaweza kuhimili hilo, simu kuita na betri kushuka huwa mambo madogo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: bao la kiswahili kwenye simu ya Android, mtu anacheza dhidi ya mwenzake au dhidi ya simu yenyewe.

Kinachopaswa kuhifadhiwa

Ubao una safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, yaani 6 kwenye nyumba na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani, na kete 22 za akiba mkononi. Kwa hiyo hali ya mchezo ni namba 32 za mashimo, namba 2 za akiba, zamu ni ya nani, nyumba ya kila mmoja bado iko au imeshavunjwa, na kama mchezo uko kwenye namua au umeshaingia mtaji. Ongeza namba ya zamu, muda uliobaki kwa kila mchezaji ikiwa mnacheza kwa saa, na namba ya toleo la faili ili gemu ikiboreshwa mwakani iweze kusoma mchezo uliohifadhiwa leo. Vyote hivyo havifiki baiti 60. Ujumbe mmoja wa maandishi wa simu hubeba baiti 140, kwa hiyo bao zima, na historia yake ya karibuni, lingeweza kutoshea kwenye ujumbe mmoja na nafasi ikabaki.

Nimetaja ukubwa huo kwa sababu wapo wanaoogopa kuhifadhi mara kwa mara wakidhani ni kazi nzito. Kwa gemu za aina hii, uzito haupo kwenye wingi wa data. Upo kwenye kujua ni wakati gani hali ya mchezo ni kamili.

Katika bao, zamu moja inaweza kuwa ndefu. Mchezaji anaingiza kete, anakula, anazisambaza alizokula, kete ya mwisho inaangukia shimo lenye kete, anaendelea, anakula tena, na mkono unazunguka ubao raundi kadhaa kabla ya kulala. Kwenye kioo cha simu, mwendo huo unaweza kuchukua sekunde 20 za kete kuruka shimo hadi shimo. Je, simu ikizimika sekunde ya 11, tuhifadhi nini? Anayehifadhi picha ya ubao kama ilivyo wakati huo atapata ubao ambao haujawahi kuwepo kisheria: kete 5 ziko hewani, hazimo shimoni wala hazimo kwenye akiba.

Njia iliyo salama ni kutenganisha mchezo na maonyesho yake. Kichakato cha simu hukokotoa zamu nzima kabla jicho halijaona kete ya kwanza ikisogea. Zile sekunde 20 ni maonyesho tu kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo faili hubeba vitu viwili: ubao ulivyokuwa kabla ya zamu, na uamuzi alioufanya mchezaji, yaani shimo gani na upande gani. Gemu ikifunguliwa tena, inausoma ubao, inaurudia uamuzi, na kete zinatembea upya mpaka mwisho wake. Bao halina bahati nasibu, kwa hiyo uamuzi uleule huzaa matokeo yaleyale kila mara.

Hapa kuna jambo ambalo mtu asiyecheza bao angelikosa. Zamu moja si mguso mmoja. Wakati wa namua, kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba ambayo bado iko hai, mchezaji ana hiari ya kuishia hapo au kusafiri nayo. Akichagua kusafiri, huo ni uamuzi wa pili ndani ya zamu ileile. Gemu inayohifadhi uamuzi wa kwanza tu itamrudisha mtu kwenye swali aliloshalijibu, na akiwa ameona kwamba safari ilimletea hasara, sasa atachagua kulala. Amepata nafasi ya kufuta kosa kwa kuzima simu. Kwa hiyo kila jibu huandikwa mara tu linapotolewa, kabla ya kete kusogea. Anayecheza dhidi ya simu inayochagua kwa bahati nasibu anahitaji kitu cha ziada: namba inayoanzisha bahati hiyo lazima nayo iwe ndani ya faili, la sivyo mtu ataifunga na kuifungua gemu mpaka simu ichague vibaya.

Simu inapoita

Zamani simu ikiita ilifunika kioo chote, na gemu ilisukumwa nyuma bila ubishi. Tangu Android 5, iliyotoka mwaka 2014, mtu akiwa anaitumia simu yake, anayepiga huonekana kwenye kibao kidogo kinachoteremka juu ya kioo. Gemu bado iko mbele na inaendelea kukimbia. Mfumo haujaiambia isimame. Saa ya mchezaji inahesabu, na kidole kilichokuwa kinakwenda kukata simu kinaweza kugusa shimo la safu ya nyuma na kucheza zamu isiyokusudiwa.

Dalili ambayo gemu inaweza kuitegemea hapo ni sauti. Kwenye Android, programu inayotaka kutoa sauti huomba haki ya spika, na simu ikianza kuita haki hiyo huchukuliwa kwa muda. Gemu iliyoomba haki hiyo hupata taarifa inayoitwa `AUDIOFOCUS_LOSS_TRANSIENT`. Gemu ambayo haikuomba haipati kitu, na zipo nyingi za namna hiyo. Utazijua kwa muziki wake unaoendelea kupiga kelele juu ya mlio wa simu. Gemu ya bao ikipata taarifa hiyo inapaswa kusimamisha saa na kuacha kupokea miguso ubaoni. Isiweke kisanduku cha maelezo mbele ya mtu anayetafuta kitufe cha kupokea simu.

Mtu akipokea na ukurasa wa mazungumzo ukafunika kioo, ndipo mfumo unapotoa taarifa zake rasmi, na mpangilio wake una maana. Kwanza huja `onPause`, gemu inapopoteza nafasi ya mbele. Kisha huja `onStop`, gemu isipoonekana kabisa. Mwisho kabisa huenda ikaja `onDestroy`. Neno ni "huenda". Miongozo ya Android yenyewe inasema `onPause` ni fupi mno kwa kazi ya kuhifadhi, na kwamba kazi hiyo ifanyike kwenye `onStop`. Ama `onDestroy`, hakuna ahadi kwamba itafika. Kwenye iPhone mpangilio unafanana, na gemu iliyosukumwa nyuma hupewa kama sekunde 5 kumaliza shughuli zake.

Wanaotengeneza gemu kwa Unity wana mtego wao. Wengi huhifadhi kwa `PlayerPrefs`, ambayo kwa mazoea huyamwaga mabadiliko kwenye hifadhi ya kudumu gemu inapofungwa rasmi, kupitia `OnApplicationQuit`. Kwenye kompyuta hilo hufanya kazi, kwa sababu mtu hubofya kitufe cha kufunga. Kwenye simu hakuna anayefunga gemu rasmi. Anabonyeza kitufe cha nyumbani, au anaisukuma juu kwa kidole, na `OnApplicationQuit` huenda isifike kamwe. Dawa yake ni kuita `PlayerPrefs.Save()` mwenyewe kila hali ya mchezo inapokuwa kamili, na tena ndani ya `OnApplicationPause`.

Baada ya mazungumzo mtu anarudi. Gemu nzuri haianzi kukimbia papo hapo. Inaonyesha ubao ukiwa umetulia, shimo la mwisho lililochezwa likiwa limewekewa rangi, na kitufe kimoja cha kuendelea. Ameongea dakika 10 kuhusu ada ya mtoto au mgonjwa aliyelazwa. Kichwa chake kiko kwingine, na anahitaji kuuona ubao kabla saa haijaanza kumhesabia. Saa yenyewe ihifadhiwe kama muda uliobaki, si kama saa ya ukutani ambapo muda utakwisha. Anayehifadhi "muda unaisha saa 4:15" atamkuta mchezaji wake ameshindwa akiwa bado anaongea, na simu iliyokwisha chaji kabisa ikiwashwa inaweza kuonyesha tarehe ya uongo mpaka mtandao uirekebishe.

Kifo cha kimyakimya

Kuna hatua inayofuata ambayo mchezaji haioni. Gemu ikiwa nyuma, mtu anaongea, kisha anafungua WhatsApp kusoma ujumbe aliotajiwa, anapiga picha ya risiti, anaituma. Kwenye simu yenye memori ndogo, kamera peke yake inahitaji nafasi kubwa. Mfumo unatazama programu zilizoko nyuma, unachagua ile isiyotumika, na kuiua. Hauigongei mlango. Ikishapita `onStop`, gemu haina haki ya kupata taarifa nyingine.

Mtu akigusa picha ya gemu tena, anaona nembo ya kampuni ikitokea mwanzo, kisha ukurasa wa kwanza. Kwa macho yake, gemu "imejizima yenyewe", na kwenye duka la programu ataandika nyota 1 na kusema ina kasoro. Mtengenezaji akiijaribu kwenye simu yake ya bei kubwa yenye memori tele, anairudia gemu baada ya nusu saa na kuikuta kama alivyoiacha. Anaamini malalamiko hayana msingi. Kumbe wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kuhusu simu yake.

Asilimia zinazodanganya

Betri inaonekana kuwa adui mpole. Inashuka polepole, na Android hutoa tangazo kwa programu, `ACTION_BATTERY_LOW`, kwa kawaida chaji ikifika kwenye asilimia 15. Mtengenezaji anaona hapo ndipo mahali pa kuhifadhi. Kwa betri mpya, sawa. Kwa betri ya miaka 3, tangazo hilo linaweza kuchelewa kuliko kifo chenyewe.

Sababu ni hii. Asilimia kwenye kioo ni makadirio ya chaji iliyobaki. Kinachoizima simu ni volteji kushuka chini ya kiwango ambacho mitambo yake inaweza kufanya kazi. Kila betri ina ukinzani wa ndani, na ukinzani huo hukua kadiri betri inavyozeeka. Tufanye hesabu ya mfano. Betri imebaki na asilimia 18, na ikiwa imetulia ina volti 3.6. Gemu inakimbia, mwanga wa kioo uko juu, mtandao ni dhaifu kwa hiyo redio ya simu inasukuma kwa nguvu, na kwa pamoja vinavuta ampea 2. Betri ikiwa mpya na ukinzani wa omu 0.1, volteji inashuka kwa 0.2, inabaki 3.4, na simu inaendelea. Betri ikiwa imezeeka na ukinzani umefika omu 0.3, volteji inashuka kwa 0.6, inabaki 3.0, na simu inazima papo hapo ikiwa na asilimia 18 kwenye kioo. Ukiiacha ipumzike kidogo, volteji inapanda tena, simu inawaka na kuonyesha asilimia 14, kisha inazima ukifungua gemu ileile. Wengi wanaijua hali hii kwa uzoefu ingawa hawajaelezwa sababu.

Hata makampuni makubwa yamekumbana nayo. Apple ilipata malalamiko ya simu za iPhone 6 na 6s kuzima ghafla, ikatoa iOS 10.2.1 mwezi Januari 2017 yenye kupunguza kasi ya kichakato betri ikiwa imechoka, na mwezi Desemba mwaka huohuo ikakiri hadharani kwamba ndivyo ilivyofanya. Kupunguza kasi kulikuwa ni kupunguza zile ampea.

Kwa hiyo tangazo la betri lina kazi, lakini kazi yake si kuokoa mchezo. Likifika, gemu ishushe picha kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde, iahirishe kupakua chochote, isimwekee mtu tangazo la video la sekunde 30 lisilorukika. Hayo hupunguza mvuto wa umeme na huenda yakampa dakika kadhaa zaidi. Kuhifadhi kulipaswa kuwa kumeshafanyika zamu iliyopita.

Kuandika bila kuharibu

Sasa tumefika kwenye kiini. Tuseme gemu yetu inaandika faili kila uamuzi unapotolewa. Je, umeme ukikatika wakati uleule wa kuandika?

Hofu hii ni ya zamani katika gemu. Kaseti ya The Legend of Zelda ya Nintendo, iliyohifadhi mchezo kwa betri ndogo iliyokuwa ndani yake, ilimtaka mchezaji ashikilie kitufe cha RESET wakati anazima mashine, ili umeme unaoyumba usiharibu kilichoandikwa. Mchezaji wa simu hana kitufe cha kushikilia. Kazi hiyo yote inamwangukia mtengenezaji.

Njia ya kawaida ya kuandika faili ni kulifungua lile la zamani, likafutwa, kisha maandishi mapya yakaingizwa. Kati ya kufutwa na kuingizwa kuna kipenyo kidogo ambacho faili ni tupu. Simu ikizima hapo, mtu amepoteza mchezo wa leo na wa jana pia. Kuna kipenyo cha pili kilicho kipana zaidi na kisichoonekana. Programu inapoiambia simu "andika", mfumo hupokea maandishi, huyaweka kwenye memori ya kazi, na kujibu "tayari". Maandishi huteremshwa kwenye hifadhi ya kudumu baadaye, pengine baada ya sekunde kadhaa, ili kazi nyingi zifanyike kwa mkupuo. Gemu inaamini imehifadhi, kumbe bado.

Mwaka 2009 watumiaji wa Linux walilijua hili kwa uchungu mfumo mpya wa mafaili, ext4, ulipoanza kutumika: kompyuta ilizima ghafla, na ikiwaka mafaili ya mipangilio yalikutwa yana baiti 0. Mfumo huohuo uliingia kwenye simu za Android mwishoni mwa 2010 pamoja na Nexus S, na blogu ya watengenezaji wa Android ikawaonya mwezi Desemba mwaka huo kwamba anayehitaji uhakika lazima aagize `fsync`, agizo linalomaanisha: usiniambie tayari mpaka maandishi yamefika kwenye hifadhi ya kudumu.

Utaratibu unaotokana na hayo una hatua tatu. Andika hali mpya kwenye faili jingine pembeni. Agiza `fsync` na usubiri jibu. Kisha libadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Kubadilisha jina ni tendo lisilogawanyika: ama limefanyika, ama halijafanyika. Simu ikizima katika hatua yoyote, utakuta ama ubao wa kabla ya uamuzi, ama wa baada yake, wala si nusu ya huu na nusu ya ule. Android imeuweka utaratibu huu tayari kwenye kifaa kiitwacho `AtomicFile`, na kwa lugha ya Kotlin unaandikwa hivi:

```kotlin
val faili = AtomicFile(File(filesDir, "bao.sav"))
val mkondo = faili.startWrite()
try {
    mkondo.write(hali)
    faili.finishWrite(mkondo)
} catch (e: IOException) {
    faili.failWrite(mkondo)
}
```

Kazi hii isifanyike kwenye uzi uleule unaochora picha. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde ina milisekunde zipatazo 16 kwa kila picha, na `fsync` kwenye simu ya bei ya chini inaweza kuzidi hapo kwa urahisi, hasa hifadhi ikiwa imejaa. Utaiona kama kigugumizi cha kioo kila baada ya zamu. Kwa gemu ya mbio za magari hali ni tofauti kabisa: huwezi kuhifadhi kila picha, kwa hiyo unachagua vituo, mathalani mwisho wa kila mzunguko, na mchezaji akirudi anaanzia kituo cha mwisho kwa kuhesabiwa 3, 2, 1 kabla gari halijaondoka.

Linabaki swali la kujua kama faili lililosomwa ni zima. Bao hapa lina zawadi yake: kete haziongezeki wala hazipungui. Mashimo yote 32 pamoja na akiba mbili lazima yatoe 64. Faili likitoa 63, limeharibika, na gemu iangukie kwenye nakala ya zamu iliyotangulia badala ya kumwonyesha mtu ubao wa uongo. Jumla peke yake haitoshi, maana mashimo mawili yakibadilishana namba jumla haibadiliki. Kwa hiyo mwishoni mwa faili huwekwa pia baiti 4 za ukaguzi ziitwazo CRC32, zinazokokotolewa kutokana na baiti zote zilizotangulia. Nakala ya zamu iliyotangulia isifutwe mpaka mpya imesomwa na kukaguliwa.

Umeme wa nyumba unapokatika

Umeme wa nyumbani ukikatika, simu yenyewe haizimi. Ina betri yake. Kinachozima ni ruta ya intaneti. Mtu anayecheza bao na nduguye aliyeko Muscat anashuhudia kioo kikiwaka vizuri huku mpinzani ameganda. Baada ya muda simu inahamia kwenye bando, ikiwa na anwani mpya ya mtandao, na kwa seva ni kama mgeni amebisha hodi.

Tuseme alicheza zamu ya 41 sekunde ileile ruta ilipozima. Simu yake haijui kama zamu ilifika. Akiituma tena na seva ikaihesabu kuwa zamu mpya, amecheza mara mbili. Asipoituma, na kumbe haikufika, mchezo umekwama. Suluhisho ni ile namba ya zamu tuliyoiweka ndani ya faili. Simu inatuma "zamu ya 41, shimo hili, upande huu" na kuendelea kuituma, kwa namba ileile, mpaka seva ijibu kwamba imeipokea. Seva ikiona 41 kwa mara ya pili inajibu tena "nimepokea" bila kusogeza kete. Kwa mchezo wa watu wawili walio mbali, ubao wa kweli ni ule wa seva, na saa ya kweli ni ya seva. La sivyo mtu angezima ruta kila anapobanwa ili apate muda wa kufikiri. Dakika ngapi asubiriwe aliyepotea ni uamuzi wa mwenye gemu. Mimi ningempa dakika 5 na kumwonyesha mpinzani wake wazi kwamba mwenzake amekatika, ili asidhani anadharauliwa.

Kujaribu

Mtengenezaji anaweza kujaribu karibu yote haya mezani kwake. Kwenye simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, amri hizi huita simu, hushusha betri, na kuiua gemu iliyoko nyuma kama mfumo unavyofanya:

```
adb emu gsm call 5551234
adb shell dumpsys battery set level 5
adb shell am kill com.mfano.bao
```

Amri ya mwisho haina athari mpaka gemu iwe imesukumwa nyuma kwanza. Ukiiagiza ikiwa mbele hutaona kitu na unaweza kudhani gemu imefaulu. Kuzima ghafla hakuigiziki vizuri. Kunahitaji simu halisi, na iliyo bora ni ile ya zamani ambayo betri yake inachomoka. Cheza, na wakati kete zinatembea, chomoa betri. Rudia mara 30, nyakati tofauti za zamu: kete zikiwa hewani, sekunde ileile kidole kinapogusa shimo, wakati wa swali la kusafiri na nyumba. Kila ukiwasha, hesabu kete ziwe 64 na uangalie namba ya zamu.

Mchezaji asiye na kompyuta anaweza kuipima gemu yoyote kwa dakika 2 kabla hajaipa saa zake. Cheza zamu 3, ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta gemu hiyo kwenye orodha ya programu, bonyeza "Lazimisha kusimamisha", kisha ifungue tena. Ukikuta zamu 3, faili liliandikwa kabla gemu haijauawa, ama kila zamu ama iliposukumwa nyuma. Ukikuta 2, uamuzi wa mwisho unachelewa kuandikwa, na kwa bao hilo linavumilika. Ukikuta ubao mpya wenye kete 22 za akiba kila upande, gemu hiyo inasubiri ifungwe rasmi ndipo ihifadhi.